Tatizo, Suluhisho, Makofi

Kila msimu wa mazoezi ya kufundisha ukiisha, ile tunayoiita tipii, sisi watu wa elimu tunarudi chuoni, tunapangwa kwenye vikundi vya semina, na kila mmoja anapewa dakika kumi aeleze alichokutana nacho shuleni. Kama umewahi kukaa kwenye semina hizo unajua zinavyokwenda. Mtu anasimama. Slaidi ya kwanza ina jina la shule na picha ya geti. Ya pili imeandikwa "Changamoto", ya tatu "Utatuzi", ya nne "Asanteni kwa kunisikiliza". Changamoto: wanafunzi wengi, vitabu vichache, utoro. Utatuzi: nilitumia mbinu shirikishi. Makofi. Anasimama wa pili, naye ana wanafunzi wengi, vitabu vichache na mbinu shirikishi. Akifika wa tano, nusu ya chumba iko kwenye simu, na mhadhiri anaangalia saa.

Watu wengi wanasema tatizo ni kwamba hatujui kuongea mbele za watu. Mimi sikubaliani. Hao hao waliozungumza dakika kumi za usingizi, ukikaa nao jioni kantini watakusimulia darasa lao mpaka chai ipoe. Wanakumbuka mwanafunzi aliyekaa dirishani, wanakumbuka kipindi kilichoharibika, wanakumbuka walichojaribu Jumatatu kikagoma na walichojaribu Alhamisi kikakubali kidogo. Hadithi wanayo. Wakipanda mbele, wanaikata kipande cha katikati na kuiacha kantini.

Kipande hicho ndicho ninachotaka kukizungumzia. Mazungumzo yoyote ya kikazi yanayosikilizika, awe anayezungumza ni mwalimu, nesi au bwana shamba, huwa na sehemu tatu: tatizo, mahangaiko na funzo. Tatizo ni kile kilichokukwamisha. Mahangaiko ni yale uliyojaribu, kwa mpangilio, pamoja na yaliyoshindikana na sababu ya kushindikana kwake. Funzo ni kile ambacho sasa unakijua na ambacho usingekijua bila kuhangaika. Semina zetu zina la kwanza na la tatu tu, na kwa sababu la pili halipo, la tatu linakuwa halina mizizi. "Mbinu shirikishi" si funzo, ni maneno ambayo kila mtu alikuwa nayo kabla hajapanda basi kwenda shuleni.

Nikitaka kumwonyesha mtu hadithi ya kikazi iliyosimuliwa vizuri siendi mbali. Ninayo ya kwetu hapa hapa, na ajabu ni kwamba tunaitaja kama fumbo la fizikia tu, hatuitazami kama usimulizi. Ni ya Erasto Mpemba. Mwaka 1969 yeye na Dk. Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia chuo kikuu Dar es Salaam, walichapisha makala fupi kwenye jarida la Physics Education. Sehemu kubwa ya makala hiyo ni Mpemba mwenyewe anasimulia. Haanzi na nadharia. Anaanza na maziwa.

Tatizo lenyewe liko hivi. Mwaka 1963 Mpemba yuko kidato cha tatu, Shule ya Sekondari Magamba, na wavulana wa pale wana mchezo wa kutengeneza aiskrimu. Utaratibu wao ni kuchemsha maziwa, kutia sukari, kuyaacha yapoe, ndipo wayatie kwenye friji. Nafasi kwenye friji ni ya kugombania. Siku hiyo Mpemba anachemsha maziwa yake, mwenzake anamwona, anahofia kukosa nafasi, anachanganya ya kwake na sukari bila hata kuyachemsha na kuyawahisha ndani. Mpemba anaona akisubiri yake yapoe ataikosa trei ya mwisho, basi anayaingiza yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu wanarudi. Ya Mpemba yameganda. Ya mwenzake bado ni uji mzito.

Tazama ukubwa wa tatizo hilo. Ni trei mbili na saa moja na nusu. Hasemi kwamba elimu ya sayansi nchini ina changamoto. Msikilizaji anaweza kuiona friji, anaweza kuwaona wavulana wawili wakikimbilia trei, na tayari anauliza: imekuwaje? Hapo tatizo limefanya kazi yake. Kama msikilizaji hajauliza chochote kichwani mwake ndani ya dakika mbili za kwanza, ujue ulichomweleza ni mada, si tatizo.

Halafu yanakuja mahangaiko, na hapa ndipo makala ile inapotushinda sisi wa slaidi nne. Mpemba anamuuliza mwalimu wake wa fizikia, anajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Anasema wazi kwamba wakati ule alilikubali jibu. Baadaye anakutana na rafiki yake anayetengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga, naye anamwambia kwamba huwa anaingiza ikiwa ya moto ili igande upesi. Swali linafufuka. Anakwenda Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, wanafika kwenye kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu, anauliza tena. Mwalimu anamjibu kwa kejeli kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia nzima, na tangu hapo kila akikosea kitu darasani wanamtania kwa jina lake. Anajaribu mwenyewe kwenye maabara ya baiolojia kwa bika mbili ndogo. Dk. Osborne anapotembelea shule yao, Mpemba anasimama na kuuliza mbele ya watu wote. Wenzake wanacheka. Osborne hamjibu kwamba amekosea. Anaahidi kwenda kulijaribu, na huko Dar es Salaam anamwambia fundi wa maabara alipime. Fundi analeta majibu kwamba kweli ya moto imeanza kuganda, lakini anaahidi kuendelea kurudia mpaka yatoke majibu sahihi!

Mtu wa slaidi angesema: "Changamoto: walimu hawakuniamini. Utatuzi: nilifanya jaribio." Kila kitu kingekuwa kweli na hakuna ambaye angekumbuka lolote. Angalia kila hatua ya mahangaiko inavyobeba kitu kipya. Mwalimu wa kwanza anatuonyesha jinsi swali linavyozimwa. Muuza aiskrimu anatuonyesha kwamba ujuzi ulikuwepo mtaani tayari. Kejeli ya Mkwawa inatuonyesha gharama ya kuuliza mara ya pili. Bika mbili zinaonyesha mtu ameacha kubishana na ameanza kupima. Hakuna hatua inayorudia iliyotangulia. Ndiyo maana mahangaiko marefu vile hayachoshi, wakati malalamiko ya dakika tatu kuhusu uhaba wa vitabu yanachosha.

Na funzo? Hapa napenda zaidi. Hawakusema wamelimaliza. Walieleza walichopima na wakaliacha jambo mezani kwa wengine. Limeendelea kubishaniwa hadi leo. Mwaka 2016 Burridge na Linden walichapisha utafiti unaotilia shaka jambo zima, wakaonyesha kwamba hata mahali unapoweka kipimajoto ndani ya chombo kunaweza kukupa majibu tofauti. Hadithi ya Mpemba haikuanguka kwa sababu hiyo. Funzo lake kubwa kwa walimu, kwamba swali la mwanafunzi lipimwe kabla ya kuchekwa, linasimama iwe maji ya moto yanawahi kuganda au hayawahi. Angekuwa amedai zaidi ya alichokiona, angekuwa ameanguka nalo.

Najua kuna atakayesema: huyo ni Mpemba, mimi nina ripoti ya tipii. Haya, tushuke kwenye ripoti ya tipii.

Mwenzangu mmoja wa Hisabati alipangiwa kidato cha kwanza. Kwenye semina yetu alizungumza kama wengine: wanafunzi hawaelewi namba hasi, nilitumia mbinu shirikishi, wakaelewa. Makofi. Wiki chache baadaye tuliombwa tuzungumze na mwaka wa pili waliokuwa wanajiandaa kwenda, na safari hii hakukuwa na maksi wala projekta. Akasimama na daftari tu. Ni mtu yule yule, darasa lile lile, lakini chumba kilinyamaza. Nitaeleza alichosema kwa sababu kinaonyesha tofauti kuliko kanuni yoyote ninayoweza kuiandika.

Alianza kwa kuandika ubaoni −5 + 3, akauliza ni ngapi. Watu wakasema −2. Akaandika −8 pembeni. "Hili ndilo jibu nililolikuta kwenye madaftari 41 kati ya 60. Si kwamba walibahatisha majibu tofauti tofauti. Wote 41 waliandika −8. Nikakaa staff... ofisi ya walimu nikajiuliza, watoto 41 wanakubaliana vipi kwenye kosa?" Hilo ndilo tatizo lake, na amelitaja kwa sekunde arobaini. Mwanzoni alikuwa amesema "hawaelewi namba hasi", ambayo ni kweli lakini haina pa kushikia. Kosa moja linalojirudia lina pa kushikia.

Kisha akaingia kwenye mahangaiko. Kwanza alichora mstari wa namba kwa chaki sakafuni, toka −10 mpaka 10, akawatembeza. Simama kwenye −5, piga hatua tatu kulia, uko wapi? Wanapiga kelele, "Kwenye hasi mbili, madamu!" Furaha tupu. Akatoa zoezi la daftari, wakarudia −8. Sakafuni wanajua, kwenye karatasi hawajui.

Akajaribu la pili, akawapa kanuni ya alama, ile ya zikifanana na zikitofautiana. Hapa hali ikawa mbaya zaidi, na alieleza kwa nini. Kanuni kwamba hasi na hasi hutoa chanya ni ya kuzidisha na kugawanya. Watoto wakaibeba mpaka kwenye kujumlisha na kutoa. Akatoa −5 − 3 na baadhi yao wakaandika 8, kwa sababu wameona alama mbili za hasi zimekaa jirani. Sasa alikuwa na makosa mawili badala ya moja. Mwaka wa pili wakacheka, kile kicheko cha mtu anayejiona mbele.

La tatu, akawaita watoto watatu baada ya vipindi, hakuwafundisha kitu. Aliwaambia tu, nisomee hili swali kwa Kiswahili, sema unachokiona. Wa kwanza akasoma: "Tano jumlisha tatu, halafu unaweka alama." Akamuuliza, alama gani? "Hii ya mbele." Yaani kwa mtoto huyu ile hasi haikuwa sehemu ya namba. Ilikuwa kama pambo la mlangoni, unaipita unafanya kazi yako ndani, ukimaliza unairudisha. Ukisoma hivyo, −8 ni jibu sahihi kabisa. Wa pili naye akasoma vilevile.

Chumba kizima kikatoa ile "aaah". Nilikuwa nimekaa nyuma, niliisikia. Aaah hiyo haikutokana na ufasaha wake, maana kwa kweli anaongea haraka na anameza maneno. Ilitokana na kwamba alitupitisha kwenye milango miwili iliyofungwa kabla ya ule uliofunguka. Angetuambia moja kwa moja kwamba watoto wanaichukulia hasi kama pambo, tungeitikia kwa kichwa na kusahau. Na zaidi ya hapo, mwaka wa pili wakifika shuleni kitu cha kwanza watakachofikiria ni mstari wa namba na kanuni ya alama, kwa sababu ndivyo sote tulivyofundishwa. Sasa wanajua vinavunjikia wapi. Kwa msikilizaji ambaye kesho anakwenda kufanya kazi ile ile, majaribio yaliyoshindikana ndiyo yenye faida kubwa kuliko jibu la mwisho.

Alimalizia kwa kusema alibadilisha kitu kidogo: kabla ya kukokotoa, kila swali lisomwe kwa sauti kama deni na malipo. Unadaiwa tano dukani, umelipa tatu, bado unadaiwa ngapi? Halafu ndipo liandikwe. Kwenye zoezi lililofuata waliokosea kwa namna ile walikuwa 14. Akasema funzo lake kwa sentensi moja: mwanafunzi akikosea, mwambie akusomee swali kabla ya kumrudishia kanuni. Akaongeza kwamba deni linasaidia mpaka unapofika −5 − (−3). Hapo kuondoa deni kunawachanganya upya, na yeye muda wa tipii uliisha kabla hajapata njia. Akakaa chini. Dakika tisa.

Nimelipima funzo lake kwa namna ninayoitumia siku hizi kwa kila mazungumzo ya semina. Futa mahangaiko, acha tatizo na funzo, uone kama funzo bado linaeleweka na lina nguvu ile ile. Kama linasimama bila kutikisika, basi halikutoka kwenye kazi yako, ulikuja nalo mfukoni. "Mwalimu awe mvumilivu" linasimama popote, hata kwenye semina ya ufugaji nyuki. "Mwambie akusomee swali kabla ya kumrudishia kanuni" linahitaji wale watoto watatu, bila wao ni amri isiyo na sababu.

Tofauti nyingine ya mara mbili alizozungumza ni muda. Kwenye semina, dakika sita kati ya kumi ziliishia kwenye utangulizi: shule iko wapi, ilianzishwa lini, ina walimu wangapi, mipaka yake kaskazini na kusini. Hii tumeirithi kutoka kwenye ripoti ya maandishi, ambako ina nafasi yake. Ukizungumza, haina. Mara ya pili tatizo lilichukua kama dakika moja na nusu, mahangaiko sita, funzo na kile kilichobaki dakika moja na kitu. Hakuna sheria hapo, lakini kama mahangaiko yako hayafiki nusu ya muda, pengine unaficha kitu.

Nikisema kuficha nafika kwenye sababu halisi, na hapa sina budi kuwa mkweli kidogo. Tunaficha kwa sababu ya maksi. Ukisimama mbele ya mhadhiri anayekusimamia ukasema nilijaribu hiki kikashindikana, kuna hatari akaandika kwamba hukumudu darasa. Fomu za tathmini ninazozijua zinauliza kuhusu maandalizi, zana, umudu wa darasa, lugha. Hakuna mahali panapouliza mwanafunzi alijaribu nini kabla ya kufaulu na aligundua nini kutokana na kushindikana. Basi mtu mwenye akili zake anafanya hesabu: slaidi nne zina alama salama. Simlaumu. Lakini matokeo yake ni kwamba kila mwaka tunatuma watu kwenye shule zile zile, madarasa yale yale, na kila mmoja anaanza kugundua upya kwamba kanuni ya alama inaleta kosa la pili, na wanaoumia ni watoto wa kidato cha kwanza. Ningeomba idara itenge semina moja isiyo na maksi, mapema, kabla mwaka unaofuata haujaondoka. Mwenzangu hakuwa mzungumzaji bora mara ya pili, ila hakuwa na cha kupoteza.

Na walioko kazini wanalihitaji hili kuliko sisi. Shuleni siku hizi kuna MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambapo walimu wa shule moja wanakaa pamoja na kuzungumzia mada ngumu za kufundisha. Ni nafasi nzuri mno, kwa sababu msikilizaji na mzungumzaji wana ubao mmoja na watoto hao hao. Shuleni nilikokuwa, kipindi kilichokwenda vizuri kilikuwa cha mwalimu mzee wa Jiografia aliyeanza kwa kusema, "Jamani, ramani ya vipimo imenishinda mwezi mzima, nisikilizeni niwaambie ilivyonishinda." Kila mtu alivuta kiti. Yeye hakuwa na fomu ya kujaziwa.

Sasa, nisije nikaeleweka kwamba kila kitu kigeuzwe hadithi. Mkuu wa shule akikuuliza madawati mangapi yamevunjika, mtajie idadi. Ukianza kumsimulia ulivyohangaika kuyahesabu atakuona huna kazi. Hadithi ya darasa moja pia haithibitishi kwamba njia yako itafanya kazi kwingine. Inamwonyesha mwenzako mahali pa kutazama, basi. Mwenzangu alisema "kwenye darasa langu" mara nyingi, na nadhani alikuwa makini kwa hilo.

Vilevile kuna mahangaiko ya uongo, nayo yanatambulika. Ni yale ambayo kila kikwazo ni mtu mwingine. Wanafunzi wavivu, mwalimu mwenyeji hakunipa ushirikiano, wazazi hawajali, na mimi peke yangu katikati ninang'aa. Ukisikiliza vizuri, msimulizi wa namna hiyo habadilishi chochote anachokifanya toka mwanzo hadi mwisho, anasubiri tu dunia ikubaliane naye. Mpemba naye alikataliwa na walimu wawili, na angeweza kuishia hapo na kuhurumiwa. Lakini katikati ya masimulizi yake anakwenda maabara na bika mbili, na baadaye anaboresha hata swali lenyewe: alipomuuliza Osborne hakuuliza tena kuhusu maziwa na sukari, aliuliza kuhusu maji, ujazo sawa, na nyuzi joto mbili tofauti. Hapo ndipo unapoona mtu amejifunza kitu njiani.

Jambo moja la mwisho, dogo lakini limenikera semina nzima. Tunaposimulia mahangaiko huwa kuna mtoto ndani yake. Watu wanataja jina, wanataja kidato na mkondo, wengine wanaonyesha picha ya daftari lenye jina juu, halafu chumba kinacheka. Mtoto yule hakuomba awe mfano wetu, na kwenye chumba kile huenda yuko jirani yao. Mwenzangu alisema "wa kwanza", "wa pili", na hadithi haikupungukiwa na kitu.

Alipokaa chini, kwa mara ya kwanza kwenye vikao vyetu mikono ilinyooshwa kabla mwenyekiti hajauliza kama kuna maswali. Dada mmoja wa mwaka wa pili alitaka kujua yule mtoto wa tatu alisoma vipi. Kumbe yeye alisoma sawasawa kabisa, "hasi tano, jumlisha tatu", na bado akaandika −8, kwa sababu alinakili kwa jirani. Halafu kaka mmoja aliyekuwa nyuma akaomba chaki, akasema kuhusu ile −5 − (−3) iliyobaki amewahi kuona mwalimu wake akitumia vizibo vya soda vya rangi mbili, kizibo cheusi ni hasi moja na cheupe ni chanya moja, unapanga vyeusi vitano na unaondoa vitatu, vinabaki viwili. Akachora ubaoni. Wakabishana kuhusu itakuwaje ikiwa ni −3 − (−5), kwamba vyeusi vitano vya kuondoa utavitoa wapi wakati unavyo vitatu, mpaka mlinzi alipokuja kufunga chumba.